Asidi ya betri imeenda wapi? Ugumu, ualkali na pH ya maji ya kisima Dodoma

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina kisima kirefu nje kidogo ya Dodoma mjini, upande wa Mpunguzi. Majibu ya maabara: pH 7.4, ugumu 420, ualkali 300, vyote viwili kwa miligramu kwa lita. Kwenye tangi kipimo changu kinasoma pH 8.2. Birika linajaa ukoko mweupe, sabuni ya mche haitoi povu, na matundu ya dripu kwenye ekari zangu mbili za zabibu yanaziba. Fundi akasema maji yana alkali nyingi, niweke asidi ya betri. Nikajaribu kwenye ndoo ya lita 20, kijiko kimoja cha chai cha asidi mpya, pH ikashuka hadi 6.5. Baada ya siku mbili nikakuta 7.9, na sabuni bado inagoma. Asidi imeenda wapi? Tatizo langu ni ugumu, alkali au pH? Na ni kweli maji haya yanaleta mawe ya figo?"

Ndugu yangu, fundi wako hakukosea kila kitu, ila amechanganya mambo matatu yasiyofanana. Ugumu ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka ndani ya maji. Ualkali ni uwezo wa maji hayo kumeza asidi, na kwa maji ya kisima kama chako uwezo huo karibu wote unatokana na bikabonati. pH ni kipimo cha maji yana uasidi kiasi gani dakika unayoyapima, basi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Sabuni inagombana na ugumu. Asidi yako ilikutana na ualkali. Ukoko wa birika na wa dripu unahitaji vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana ulitibu kimoja ukategemea vingine vipone.

Tuanzie ardhini, kwa sababu hapo ndipo vitu hivi viwili vinapozaliwa pamoja na kuwafanya watu wadhani ni kitu kimoja. Mvua yetu ya msimu mmoja, ya Desemba hadi Aprili, inaponyesha huwa haina madini ya maana. Ikizama kwenye udongo inakutana na hewa ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, na humo udongoni hewa hiyo ni nyingi mara makumi kuliko ile tunayoivuta huku juu. Hewa ukaa ikiyeyuka inafanya asidi dhaifu, ileile iliyomo kwenye soda ya chupa. Asidi hiyo dhaifu inaula mwamba taratibu. Huku kwetu mwamba wa chini ni granaiti na jamii zake, na juu yake sehemu nyingi kuna yale mabonge meupe ya chokaa unayokutana nayo ukichimba shimo la choo au msingi wa nyumba. Mabonge hayo ni kalsiamu kabonati, na yanayeyuka hivi:

CaCO3 + CO2 + H2O ⇌ Ca(HCO3)2

Kulia kwa mshale kuna kalsiamu, ambayo ni ugumu, na kuna bikabonati, ambayo ni ualkali. Chokaa ikiyeyuka huvileta vyote viwili, tena kwa kiasi sawa. Na tazama vizuri ule mshale: unakwenda pande zote mbili. Hewa ukaa ikiwa nyingi, chokaa inayeyuka. Hewa ukaa ikitoroka, chokaa inarudi kuwa jiwe. Mengi yanayokusumbua nyumbani na shambani ni mshale huo kurudi kushoto.

Sasa chukua karatasi yako ya maabara. Namba zako mbili, 420 na 300, zimehesabiwa kana kwamba kila kitu ni chokaa tupu. Maabara hufanya hivyo makusudi ili namba hizo ziweze kutolewa moja kwa nyingine bila hesabu za ziada. Watu wengi husoma kila namba peke yake, wakauliza hii iko juu au chini. Mimi namba ya kwanza ninayoitafuta ni tofauti kati ya hizo mbili, na kwako ni 120.

Maana yake ni hii. Kati ya ugumu wa 420, sehemu ya 300 ina bikabonati ya kutosha kuigeuza kuwa chokaa. Huo ndio ugumu wa muda, unaoweza kuondoka kwa kuchemsha. Maji yakichemka yanafukuza hewa ukaa, mshale unarudi kushoto, na chokaa inaganda kwenye kitu cha moto kilicho karibu, yaani koili na kuta za birika. Ukichemsha lita 1,000 za maji yako, ukoko wote unaoweza kutoka hauzidi gramu 300. Ile 120 iliyobaki ni ugumu wa kudumu. Kalsiamu na magnesiamu yake imefuatana na kloridi, salfeti au naitreti, na hizo haziendi popote hata uchemshe hadi mkaa uishe. Kwa hiyo maji yako yakichemshwa vizuri, yakatulia na kuchujwa, ugumu hauwezi kushuka chini ya 120, na kwa kawaida utabaki juu ya hapo, kwa sababu magnesiamu haigandi kirahisi kwa moto kama kalsiamu.

Hiyo 120 inanifanya niulize swali lingine ambalo hukuliuliza: je, maabara ilikupimia naitreti? Sehemu zilizojengwa nyumba nyingi zenye vyoo vya shimo, naitreti huingia kisimani na kujificha humohumo kwenye ugumu wa kudumu. Haina ladha wala rangi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na wanaopata shida zaidi kikipitwa ni watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya kopo. Kama haimo kwenye karatasi yako, rudi ukaipime.

Sabuni ya mche nayo ina hesabu yake. Kabla ya kutoa povu, sabuni inakamatana na kila kalsiamu na magnesiamu iliyopo, inageuka kuwa yale mabaki ya kijivu yanayoganda kwenye beseni na kufanya shati jeupe lipauke. Mpaka kalsiamu ile iishe, sabuni unayosugua inapotea bure. Haijali pH ni ngapi. Kwenye ndoo yako uliweka asidi, na asidi haikuondoa hata chembe moja ya kalsiamu: ugumu ulikuwa 420 kabla, ukabaki 420 baada.

Kuhusu 7.4 ya maabara na 8.2 ya tangi, hakuna kipimo kilichodanganya. Maji yakiwa chini yamebanwa na hewa ukaa nyingi, na kwa pH ya 7.4 na ualkali wako nakadiria yanabeba kama miligramu 24 kwa lita. Maji yaliyotulia na kuzoea hewa ya juu hubaki na chini ya miligramu 1. Pampu inayapandisha, yanamwagika tangini kwa kishindo, hewa inaanza kutoka. Hewa ukaa ndiyo asidi ya maji haya, kwa hiyo ikipungua pH inapanda yenyewe bila mtu kuongeza wala kupunguza kitu. Ualkali wakati huo haujaguswa, ni 300 ileile. Na kadiri hewa inavyotoka ndivyo maji yanavyokaribia kuangusha chokaa. Ule unga mweupe chini ya tangi ndio mwanzo wa ukoko wako.

Sasa tuje kwenye ndoo, maana jaribio lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Asidi mpya ya betri ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ikiwa na nguvu ya karibu 37 kwa 100 kwa uzito. Mililita 5 zake, yaani kijiko cha chai, zinatosha kuangamiza kama asilimia 40 ya bikabonati iliyokuwa kwenye lita zako 20. Kila chembe ya haidrojeni ya asidi hiyo, yaani H⁺, ilikamata bikabonati moja, na vikageuka kuwa maji na hewa ukaa:

HCO3⁻ + H⁺ → H2O + CO2

Hapo ndipo asidi ilipokwenda. Haikufichwa popote ikisubiri kurudi. Imeliwa, na bikabonati iliyoila imekufa nayo. Ualkali wa ndoo ulishuka kutoka 300 hadi karibu 180. Hewa ukaa iliyozaliwa ilikuwa bado ndani ya maji, na kwa kuwa nayo ni asidi, kipimo kikaonyesha 6.5. Siku mbili ndoo ikikaa wazi na upepo wetu huu, hewa ikatoroka, pH ikapanda hadi 7.9. Ulichokiona kikirudi ni pH tu. Kama ungepeleka maji hayo maabara ungeambiwa ualkali ni 180, na usingerudi kuwa 300 hata ungesubiri mwezi.

Uwezo huu wa kumeza asidi huku pH ikisogea kidogo tu ndio unaoitwa bafa. Nikikupa mfano wa Kibaigwa: pH ni bei ya mahindi sokoni leo, ualkali ni magunia yaliyomo ghalani. Mradi ghala lina magunia, mnunuzi mkubwa akija bei inatikisika kidogo kisha inatulia. Lakini magunia yana mwisho, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ungeendelea na vijiko ungeumia.

Kijiko cha kwanza kilikupeleka kutoka 8.2 hadi 6.5. Cha pili, kama ungekiongeza hapohapo, kingekufikisha karibu 5.7, kwa hiyo ungeona hakifanyi kazi kubwa, tena kidogo kuliko cha kwanza. Ungesema basi, niongeze kingine. Katikati ya kijiko cha tatu bikabonati yote ingekwisha, na asidi iliyobaki isingekuwa na wa kuipokea. pH ingeporomoka hadi chini ya 3 kwa mkupuo mmoja. Kijiko kilekile, ndoo ileile. Ndiyo maana mtu anayeweka asidi kwa kuangalia pH peke yake, bila kujua ualkali, anaweza kutwa nzima akaona haishuki, kisha akaunguza mimea kwa mara moja.

Na hivyo, je, asidi ilikusaidia chochote? Kidogo, ndiyo. Imepunguza bikabonati, kwa hiyo ukoko utakaotoka kwenye maji ya ndoo ile ni mdogo: 180 badala ya 300. Lakini ugumu haukupungua, ulihamishwa tu. Uliokuwa wa muda sasa ni wa kudumu, umefuatana na salfeti. Kwa dripu hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa sabuni ni sifuri. Kwa kunywa usifanye kabisa: asidi ya betri haitengenezwi kwa ajili ya chakula, na ikiwa imetoka kwenye betri iliyokwisha kutumika inakuwa na madini ya risasi.

Kabla ya suluhisho, nikueleze kwa nini nimefurahi kuona ugumu wako ni mkubwa kuliko ualkali. Kuna maji ya kinyume chake, ambayo ualkali unazidi ugumu, na hapa katikati ya nchi si haba. Nenda kwenye maziwa ya Singida, au Ziwa Natron kule kaskazini, ama tazama ardhi yenye magadi ya mbuga ya Bahi. Maji yakikaa bondeni bila njia ya kutoka, jua linayakausha, kalsiamu inakuwa ya kwanza kuganda na kubaki chini kama chokaa. Bikabonati iliyobaki inakosa kalsiamu ya kufuatana nayo, inafuatana na sodiamu. Hayo ndiyo magadi tunayoyajua jikoni. Maji ya namna hiyo ni laini, sabuni inateleza na povu linajaa, mwenye kisima anafurahi.

Furaha hiyo ina mtego. Floridi huzuiwa isizidi na kalsiamu, kwa sababu vikikutana kwa wingi huganda pamoja. Kalsiamu ikiisha, mlinzi huyo ameondoka, na floridi inaweza kupanda sana. Meno ya kahawia ya watoto wa baadhi ya vijiji vya Singida na Shinyanga yanatokana na floridi, wala hayahusiani na ugumu wa maji. Na maji hayohayo ya magadi yakimwagwa shambani kwa miaka, sodiamu inauvunja udongo, unakuwa mgumu kama sakafu na maji hayazami. Kwa hiyo mtu akiniletea karatasi yenye ugumu 60 na ualkali 400 akijisifu kwamba kisima chake ni kitamu, mimi ndiye ninayeanza kuwa na wasiwasi: kipimo cha floridi kwanza, na zabibu zisubiri. Kikomo cha floridi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwako tofauti ya 120 inaelekeza upande salama, ila mwelekeo si kipimo, nawe upime floridi mara moja ujue.

Nyumbani, kwa kufua, njia rahisi ni magadi yenyewe, yale safi ya unga yanayouzwa kwa watengeneza sabuni. Kabonati iliyomo inaikamata kalsiamu na kuiangusha kama unga mweupe kabla sabuni haijaingia. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji yako, hesabu inakuja karibu gramu 9. Koroga, acha yatulie, kisha weka sabuni. Magadi ghafi ya mabonge yana uchafu na nguvu pungufu, kwa hiyo utahitaji zaidi, na hutajua hasa ni kiasi gani mpaka ujaribu kwa kuangalia povu. Sabuni ya unga ya dukani nayo huvumilia maji magumu kuliko mche, na ndiyo njia ya mvivu, sina ubaya nayo.

Kwa kunywa na kupika, chemsha, acha yapoe na kutulia, mimina ya juu. Birika litaendelea kupata ukoko, hilo ni lazima, kwa sababu ndiko unakotaka chokaa iangukie. Likijaa, weka siki au maji ya ndimu, yapashe moto kidogo, uache usiku. Yakitoa mapovu madogo yanayochemka bila moto, hiyo ni chokaa. Kama hakuna povu hata kidogo, ukoko wako ni wa kitu kingine, na ushauri wangu wa asidi hauhusiki.

Utauziwa pia mtungi wa kulainisha maji unaotumia chumvi. Unafanya kazi kweli: unaondoa kalsiamu na magnesiamu, unaweka sodiamu mahali pake. Ila jua unachobadilisha. Kwa ugumu wako wa 420, kila lita itapokea karibu miligramu 190 za sodiamu, kiasi kinachoanza kukaribia kuonekana kwenye ladha, na kisichomfaa mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi. Ualkali haupungui hata kidogo. Umegeuza maji mazuri ya kisima chako kuwa ndugu wa maji ya magadi niliyoyaeleza. Bafuni na kwenye mashine ya kufulia, sawa. Kwenye zabibu, hapana, hata kwa bahati mbaya. Na wale wanaouza sumaku za kufunga kwenye bomba, waombe wapime ugumu kabla na baada ya sumaku mbele yako. Sumaku haitoi kalsiamu ndani ya maji, kwa hiyo 420 itabaki 420.

Shambani ndiko asidi ina kazi halali. Kwanza pasua tundu moja lililoziba uangalie ndani, chukua la mwisho wa laini, maana huko ndiko ukoko huwa mnene. Bomba jeusi likilala juani mchana, maji yaliyobaki ndani yanapata moto, hewa ukaa inatoka, tone la mwisho linakaukia mdomoni mwa tundu na kuacha chokaa yake hapo. Dondoshea ndimu. Likichemka tuko pamoja. Likiwa la rangi ya kutu ni chuma, likiwa la utelezi ni vijidudu, na hizo ni tiba nyingine.

Kabla ya asidi, mwagilia usiku au alfajiri, na kila baada ya wiki mbili au tatu fungua ncha za laini maji yatoke kwa kasi mpaka yawe maangavu. Hilo peke yake linapunguza tatizo kuliko watu wanavyoamini. Tangi lako lifunikwe, na bomba la kutolea lisichukue maji ya sakafuni kabisa, ule unga wa chini ubaki chini.

Kuweka asidi kila siku ili maji yabaki kwenye pH 6.5 kunahitaji karibu robo lita ya asidi ya betri kwa kila lita 1,000. Unaona kwamba ni uwiano uleule wa kijiko chako kwa ndoo. Ndani ya bomba lililofungwa hewa haitoroki kirahisi, kwa hiyo 6.5 inadumu mpaka maji yatoke, tofauti na ndoo iliyo wazi. Inafanya kazi, ila ni gharama ya kila siku na hatari ya kila siku. Kwa ekari mbili nisingeanzia hapo. Ningesafisha mara chache kwa msimu.

Hesabu ya kusafisha ni hii. Kama mistari yako imeachana mita 3, ekari mbili zina karibu mita 2,700 za laini. Bomba la milimita 16 linabeba kama mililita 150 kwa mita, kwa hiyo laini zote zikijaa ni lita 400 hivi. Unataka maji yenye pH kati ya 2 na 3 yakae humo. Sehemu kubwa ya asidi itakwenda kuua bikabonati kwanza, kiasi cha mililita 620 kwa lita 1,000, na iliyobaki ndiyo itakayoshusha pH na kula ukoko. Jumla inakuja karibu lita moja kwa lita 1,000, yaani kama mililita 400 kwa laini zako zote, ongeza kidogo kwa bomba kuu. Yakae nusu saa hadi saa moja, kisha fungua ncha na usukume maji safi mpaka kipimo kirudi kwenye namba ya kawaida. Ukoko ukiwa mnene, rudia siku nyingine badala ya kuongeza ukali.

Masharti yake si ya mapambo. Asidi inamiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa miwani na glavu za mpira, na uwe na ndoo ya maji safi pembeni. Usiichanganye na dawa ya klorini au jiki, hata mabaki yaliyosalia kwenye tangi la kuchanganyia, kwa sababu inatoka gesi ya sumu. Usiweke siku moja na mbolea. Viungo vya chuma na shaba vinaliwa, hakikisha njia nzima ni ya plastiki. Na kati ya mahali unapoingizia asidi na kisima chako pawe na vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, vinginevyo pampu ikizimika asidi inaweza kushuka kisimani. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mara ya kwanza mwite afisa kilimo au mtu wa umwagiliaji asimame nawe. Kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kipo Makutupora, hapahapa Dodoma, na wanayajua maji ya huku.

Mawe ya figo: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, kwa sababu hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba unadhuru. Ukoko wa birika unatisha macho, lakini mawe ya figo hayaundwi kwa moto wa birika. Kinachoyachochea zaidi, hasa kwenye jua hili, ni kunywa maji machache. Mtu anayeacha maji ya kisima kwa kuogopa chokaa, akawa anakunywa nusu ya alichokuwa anakunywa, amejiongezea hatari. Ukiwa na maumivu makali ya ubavu yanayoshuka kinenani, au damu kwenye mkojo, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Na aliyewahi kutolewa jiwe aulize daktari wake, kwa sababu mawe yako ya aina nyingi.

Utakapopeleka sampuli tena, acha pampu ifanye kazi robo saa kwanza, kisha chukua maji kwenye mdomo wa kisima, si kwenye tangi. Suuza chupa kwa maji hayohayo, ijaze hadi ifurike, funga bila kuacha nafasi ya hewa, maana nafasi hiyo ndiyo hewa ukaa inakokimbilia na pH kubadilika njiani. Pima pH papo hapo, chupa uifikishe maabara siku hiyohiyo. Omba ugumu, ualkali, kalsiamu peke yake, floridi, naitreti na upitishaji umeme unaoonyesha jumla ya chumvi. Fanya hivyo mara mbili, mwisho wa masika na tena Oktoba au Novemba kabla ya mvua, kwa sababu kisima kinaweza kubadilika kati ya misimu hiyo, na kipimo cha asidi ya dripu kifuate ualkali wa karatasi mpya.